Makato madogo nisiyoyajua kwenye kadi

"Jamani, saa 8 usiku imekatwa dola 1, kisha senti 50, duka silijui. Kadi ninayo mkononi. Nipuuzie?"

Usipuuzie, dada. Mwizi hujaribu namba ya kadi hivyo hivyo: anakata kidogo, ikipita anarudi na dola 300. Kadi yenyewe haihitaji. Mtandaoni namba, tarehe ya mwisho na tarakimu 3 za nyuma mara nyingi zinamtosha. Kuna kaka aliyekujibu kabla yangu anasema badilisha PIN. Kwa ATM sawa, ila hapa PIN haikutumika kabisa.

Fungia kadi sasa hivi kwenye aplikesheni ya benki, ndipo upige namba iliyo nyuma ya kadi. Taja makato yote mawili, omba kadi yenye namba mpya, na uandike namba ya malalamiko watakayokupa. Makato yakiwa bado yanasoma "Pending", benki nyingine husubiri yakamilike ndipo ipokee malalamiko, lakini kufungia kusisubiri.

Wakati huohuo kumbuka: hukujiunga na huduma ya majaribio ya bure? Hizo nazo hushika dola 1 na kuiachia baada ya siku chache. Mimi niliwahi kufuta kadi nzima kwa hilo, na sijutii.