Punguzo juu ya punguzo, au punguzo moja kubwa? Maswali ya wasomaji

Nataka friji ya Sh 850,000. Duka moja linatoa punguzo la asilimia 20, halafu asilimia 10 nyingine ukilipa taslimu. Duka la jirani linatoa asilimia 30 kwa mkupuo. Si ni kitu kilekile?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hapana. Duka la jirani ni nafuu kwa Sh 17,000.

Piga hesabu ya duka la kwanza hatua kwa hatua. Asilimia 20 ya 850,000 ni 170,000, kwa hiyo bei inashuka hadi 680,000. Ile asilimia 10 ya pili haigusi tena 850,000. Inakatwa kwenye 680,000 zilizobaki, nayo ni 68,000, kwa hiyo utalipa 612,000. Jirani anakata 255,000 mara moja na unalipa 595,000.

Hizo 17,000 ni asilimia 10 ya zile 170,000 zilizokwisha kuondolewa. Ukijumlisha 20 na 10 ukapata 30, unahesabu punguzo la pili juu ya pesa ambayo haipo tena kwenye bei. Pengo hilo unaweza kulipata kichwani: zidisha asilimia mbili zenyewe, kisha gawanya kwa 100. Hapa 20 mara 10 ni 200, gawanya kwa 100 unapata 2. Toa hiyo 2 kwenye 30, inabaki 28. Punguzo lako la kweli ni asilimia 28, na asilimia 2 ya 850,000 ndizo zile 17,000.

Namba 28 ndiyo ya kushika unapozunguka madukani. Ukikuta duka linatoa asilimia 30 au hata 29 kwa mkupuo, hilo linashinda. Ukikuta linatoa 25, basi 20 na 10 ni nafuu zaidi. Mapunguzo mawili si mabaya kwa asili yake. Kosa ni kuyalinganisha kwa kuyajumlisha.

Ukitaka duka la kwanza likufikishe kwenye bei ya jirani, omba punguzo la pili liwe asilimia 12.5 badala ya 10. Tumeipata kwa kugawanya 595,000 kwa 680,000: jibu ni 0.875, maana yake unatakiwa kulipa asilimia 87.5 ya bei iliyokwisha kushuka.

Mambo mawili ya kuhakikisha kabla hujatoa pesa. Kwanza, muulize muuzaji ile asilimia 10 inakatwa kwenye bei ipi. Wapo wanaokata zote mbili kwenye bei ya awali, na hapo kweli unapata asilimia 30 kamili. Mwambie akuandikie kiasi cha mwisho kwa shilingi. Pili, angalia kama maduka yote mawili yameanzia bei moja kwa friji ya modeli ileile. Kama duka la kwanza lingeanzia 800,000, asilimia 20 na 10 zingekushusha hadi 576,000, na asilimia 30 ya jirani ingekuwa imeshindwa.

Kuna tofauti wakianza na asilimia 10 halafu 20, badala ya 20 halafu 10?
*Msomaji, Morogoro*

Hakuna hata senti. Punguzo la asilimia 20 ni sawa na kuzidisha bei kwa 0.8, na la asilimia 10 ni kuzidisha kwa 0.9. Uanze na ipi, 0.8 mara 0.9 ni 0.72. Hii inafaa pia kwa mapunguzo matatu au manne: zidisha vinavyobaki vyote, halafu zidisha na bei.

Hilo ni kweli pale tu mapunguzo yote yanapokuwa ya asilimia. Kuponi ya kiasi maalumu cha pesa ina mambo yake, na swali linalofuata linahusu hilo.

Nina kuponi ya Sh 10,000 na duka lina ofa ya asilimia 15. Kitu ninachotaka ni Sh 120,000. Duka lingine lina asilimia 20 tupu kwa bei hiyohiyo. Niende wapi?
*Msomaji, Mwanza*

Baki na kuponi yako, ila uliza kwanza inakatwa lini.

Wakianza na asilimia 15, bei inakuwa 102,000, kisha kuponi inaishusha hadi 92,000. Wakianza na kuponi, bei inakuwa 110,000, na asilimia 15 ya hapo inakuacha na 93,500. Tofauti ya 1,500 ni asilimia 15 ya kuponi yenyewe: kuponi ikitangulia, nayo inakatwa punguzo kama vile ni sehemu ya bei. Kwa mnunuzi, asilimia ianze, kuponi ifuate. Vyovyote watakavyofanya, duka la asilimia 20 litakutoza 96,000, kwa hiyo limeshindwa.

Lakini usiichukulie hiyo kuwa kanuni ya kudumu. Kuponi ya 10,000 ni kubwa kwenye kitu cha 120,000 na ni ndogo kwenye kitu cha 300,000. Asilimia ikitangulia, ofa mbili hizi zinalingana bei ikiwa 200,000 kamili: asilimia 15 ya hapo ni 30,000, ongeza kuponi unapata 40,000, ambayo ni asilimia 20 barabara. Juu ya hapo asilimia 20 tupu inashinda. Kuponi ikitangulia, mpaka unashuka hadi 170,000.

Soma pia maandishi madogo ya kuponi. Nyingi zinataka ununuzi wa kuanzia kiasi fulani. Kama yako inasema kuanzia 120,000, huenda mashine ikaikataa baada ya asilimia 15, kwa sababu bei imeshuka hadi 102,000. Dalili yake ni kwamba kuponi ilikubali kabla ya ofa, kisha jumla ya mwisho ikabaki bila kushuka. Ongeza kitu unachokihitaji kweli ufikie kiwango, au achana nayo. Kununua usichokihitaji ili kuokoa 10,000 kunakula faida yote.

Huku Maskati matangazo yanasema asilimia 60, na asilimia 20 ya ziada. Nguo ni riali 25. Je, ni bora kuliko duka linalosema asilimia 70?
*Msomaji, Oman*

La asilimia 70 ni bora. Riali 25 ikikatwa asilimia 60 inabaki 10, na asilimia 20 ya hizo 10 ni riali 2, kwa hiyo utalipa 8. Duka lingine litakutoza riali 7 na baisa 500.

Angalia jinsi pengo linavyokua punguzo la kwanza linapokuwa kubwa. Kwenye 20 na 10 lilikuwa asilimia 2 tu. Hapa 60 mara 20 ni 1,200, gawanya kwa 100 ni 12. Mtu anayejumlisha anatarajia asilimia 80 na riali 5 mkononi mwa muuzaji, kumbe punguzo la kweli ni asilimia 68. Neno “ziada” likiandikwa pembeni ya punguzo la nusu bei au zaidi, hesabu mwenyewe kabla ya kwenda kwenye keshia.

Nanunua vitambaa vya jumla. Msambazaji mmoja ananipa 15, 10 na 5, mwingine ananipa 28 moja kwa moja. Oda yangu ni KSh 48,000.
*Mfanyabiashara, Mombasa*

Kinachobaki kwa wa kwanza ni 0.85 mara 0.9 mara 0.95, yaani 0.72675. Utalipa KSh 34,884, punguzo la asilimia 27.3 hivi. Wa pili anakutoza asilimia 72 ya 48,000, ambayo ni 34,560. Wa pili ni nafuu kwa 324, kiasi ambacho gharama ya kusafirisha mzigo inaweza kukifuta. Kwa hiyo uliza nani analipia usafiri.

Lililo muhimu zaidi ni masharti ya kila punguzo. Katika mpangilio wa namna hii, mara nyingi la kwanza ni la wewe kuwa mfanyabiashara, la pili ni la wingi wa mzigo, na la mwisho ni la kulipa mapema. Thibitisha na msambazaji wako lipi ni lipi. Ukichelewa kulipa ukapoteza ile 5, kinabaki 0.765 na ankara inapanda hadi 36,720. Hapo pengo si 324 tena, ni 2,160. Kama wateja wako nao wanakulipa kwa kuchelewa, hesabu ya kweli kwako ni hii ya pili.

Ukiwa na bidhaa nyingi, iweke kwenye jedwali la kompyuta. Bei ikiwa B2 na mapunguzo yakiwa C2 hadi E2, yakiandikwa kama 15%, 10% na 5%:

```
=B2*(1-C2)*(1-D2)*(1-E2)
```

Anayeandika `=B2*(1-C2-D2-E2)` anajumlisha asilimia. Oda yako ingeonekana kuwa 33,600, halafu ankara ikija usielewe 1,284 zimetoka wapi.

Programu moja ya chakula ina asilimia 30 lakini isizidi KSh 500. Nyingine ina asilimia 10 mara mbili bila kikomo. Ipi?
*Msomaji, Nairobi*

Inategemea ukubwa wa oda. Asilimia 10 mara mbili ni punguzo la asilimia 19. Ile asilimia 30 ni ya kweli hadi oda ya KSh 1,667 hivi. Hapo inagonga 500 na haiendi mbele tena, hata uagize chakula cha ukoo mzima.

Oda ya 2,000: ya kwanza inakata 500, unalipa 1,500, ya pili unalipa 1,620. Oda ya 3,000: ya kwanza inakata 500 zilezile, unalipa 2,500, ya pili unalipa 2,430. Zinapishana kwenye 500 gawanya kwa 0.19, ambayo ni karibu 2,630. Chini ya hapo chukua yenye kikomo, juu ya hapo chukua isiyo nacho.

Wengine wanagawa oda ya 3,000 iwe mbili za 1,500, kila moja ikatwe 450, wakalipa 2,100 kwa jumla. Hesabu ni sahihi ikiwa ofa inakubali mara mbili kwa akaunti moja. Ila ada ya kuletewa utailipa mara mbili, na kwa kawaida punguzo haliigusi. Mpango huu unakuokolea 330 ukilinganisha na 2,430, kwa hiyo ada ya safari ya pili ikifika 330, umerudi palepale.