Asilimia saba ya usambazaji, kabla hujasaini

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mie nna duka la jumla hapa Wete. Kampuni moja ya juisi na biskuti kutoka Dar inataka niwe msambazaji wao kwa kaskazini Pemba. Wananipa 5%, na nikifikia tageti ya milioni 40 kwa mwezi wananiongeza 2%. Mtaji nnao milioni 30. Ofisa wao wa mauzo kanipigia hesabu nnaona milioni 2.8 kila mwezi. Nisaini?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usisaini bado, na hiyo 2.8 ifute kabisa kichwani. Kila mwezi nnaletewa mkataba wa namna hii na kila mwezi ni ile ile, mtu kashazidisha asilimia kwa mauzo na kashaanza kuzitumia. Hiyo si faida, ni pesa inayopita mkononi mwako kabla hujamlipa mtu yoyote.

Tufanye hesabu. Namba za gharama ni makadirio yangu, wewe weka zako. Kampuni nyingi mzigo wanakukabidhi ghalani kwao Unguja, kuuvusha mpaka Pemba ni juu yako, kwa hiyo chombo na wachukuzi wa pande zote mbili tuseme laki 7. Gari ya kuzungusha madukani na mafuta laki 4 na nusu. Dereva na kijana wa kuuza laki 5 wote wawili, ghala laki 2, na biskuti zilizovunjika, juisi zilizovuja, zilizopita tarehe, laki 2 nyengine. Jumla ni milioni 2 na elfu 50. Sasa 5% ya milioni 40 ni milioni 2 kamili. Umeona? Umeuza mzigo wa milioni 40, umehangaika mwezi mzima, una hasara ya elfu 50. Faida yote ya biashara hii imekaa kwenye ile 2% ya tageti, laki 8, ukiipata unabaki na laki 7 na nusu na ukiikosa huna kitu.

Na hapo sijauliza hiyo asilimia inahesabiwa juu ya bei gani. Uliza kabla ya kitu chengine chochote, ni juu ya bei yenye VAT au isiyokuwa na VAT? Tuseme ile milioni 40 ni bei yenye VAT ya Zanzibar ya 15% ndani yake, basi bei tupu ni kama milioni 34.8, na asilimia 7 yake ni milioni 2.43, si 2.8. Ile laki 7 na nusu yako ishakuwa chini ya laki 4. Ofisa hakukudanganya, ila wewe hukuuliza na yeye hakuona haja ya kukwambia.

Sasa mtaji. Watu wanadhani tageti ya milioni 40 na mtaji wa milioni 30 vinakwenda sawa kwa sababu pesa inazunguka. Inazunguka lakini inakaa njiani. Ghalani unataka mzigo wa wiki mbili usije ukaishiwa bahari ikichafuka au chombo kikichelewa, hiyo ni milioni 20. Mzigo ulioulipia ambao bado uko Unguja au unavuka, wa wiki moja, milioni 10. Na madukani huko Konde na Micheweni nusu ya wateja watakwambia niandikie, nitakupa wiki mbili zijazo, ukikataa wanamngoja mwengine, hiyo milioni 10 nyengine iko kwenye madaftari. Jumla milioni 40, wewe unayo 30, na hiyo 30 ndiyo inayoliendesha duka lako la sasa. Kwa hiyo utachofanya ni kuliua duka linalokupa riziki ulishe biashara inayokupa laki 4 mwezi ukiwa mzuri.

Hapa ndipo panaponiudhi mie. Watu wanaichukulia ile bonasi ya tageti kama mshahara, kama kitu kilichopo. Bonasi ya tageti ni chombo cha kampuni cha kuhamisha stoki kutoka ghala lao kuingia ghala lako. Tizama inavyofanya kazi. Kampuni nyingi wanapima tageti kwa mzigo ulionunua wewe kwao, si kwa mzigo ulioingia madukani. Tarehe 25 umeshanunua wa milioni 33, ofisa anakupigia, sheikh umebakisha saba tu, chukua sasa hivi nikutimizie laki 8 zisipotee. Na yeye ana tageti yake na bonasi yake, usisahau hilo. Unachukua, pengine kwa pesa ya kukopa. Mwezi mpya unaanza na milioni 7 imelala ghalani na tageti ni 40 ile ile, maduka yanakula 33 kama kawaida, mwisho wa mwezi ili ufike unalimbikiza saba nyengine, ya tatu tena. Miezi mitatu una mzigo wa milioni 21 umekaa, biskuti za chini kabisa kwenye rundo tarehe zinakaribia na bado kwenye karatasi unaonekana msambazaji hodari, na kwa sababu wewe ni hodari mwaka ujao tageti inapanda.

Sasa mtu akishajaa hivyo anafanyaje? Anauza kwa bei aliyonunulia, au chini kidogo, mradi atoe mzigo na bonasi aipate. Na ndiyo maana ahadi ya "kaskazini Pemba ni yako peke yako" mie huwa siipi uzito. Msambazaji wa Unguja aliyejaa atawauzia wa jumla wa Darajani kwa bei ya kutupa, na hao wa Darajani wana wateja wao Pemba siku zote, mzigo unapakiwa unashuka Mkoani na jioni uko Wete, katoni ile ile yako, rahisi kuliko unavyouza wewe. Utampigia simu ofisa atakwambia tunalifuatilia. Hatolifuatilia, maana katoni ile nayo imeshahesabiwa kwenye tageti ya mtu fulani ofisini kwao.

Na kitu cha Pemba khasa ambacho watu wa Dar hawakijui au wanajifanya hawakijui, ni karafuu. Pesa ya shamba inaingia mavuno yakiwepo, watu wanachuma, wanauza kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, madukani kila kitu kinatoka na madeni yanalipwa. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, ukizaa sana mwaka huu ujao unaweza ukapumzika. Kwa hiyo waulize hiyo milioni 40 wameitoa wapi. Kama wametizama mauzo ya miezi ya mavuno mazuri wakagawa, basi wamekupa tageti ya mwaka wa neema uibebe mwaka wa ukame. Na Ramadhani nayo ina hesabu yake, juisi inahama kutoka mchana kwenda usiku na biskuti za watoto wa skuli zinasimama, lakini tageti haifungi.

Wewe una njia rahisi ya kujua ukweli na haikugharimu zaidi ya mafuta ya vespa. Tuseme katoni kwa wastani ni shilingi 12,000. Milioni 40 ni kama katoni 3,330 kwa mwezi. Kama kaskazini una maduka 120 ya kuyafikia, kila duka lichukue katoni 28, yaani saba kila wiki. Haya, nenda Konde, nenda Micheweni, nenda Kiuyu, ingia maduka kumi, usiseme kitu cha usambazaji, muulize tu mwenye duka juisi hii inatoka? wiki unamaliza katoni ngapi? Kisha igeuze katoni uitizame tarehe ya kutengenezwa, ikiwa imeshakaa miezi mingi dukani unalo jibu lako bila ya kuuliza. Wakikwambia tatu kwa wiki, basi soko lote ni kama katoni 1,440 kwa mwezi, milioni 17 na kitu. Tageti yao ni zaidi ya mara mbili ya soko lenyewe na hakuna kijana wa mauzo duniani atakayekufikisha. Ukiwa huko uliza pia nani alikuwa anawaletea kabla, umtafute huyo mtu, ukae naye, umsikilize kwa nini kaacha. Ofisa akikwambia alikuwa mvivu, nenda kalione ghala lake.

Hesabu ikitoka vizuri, bado usisaini karatasi waliyokuletea. Mwanzo, bonasi iende kwa ngazi, ukifika 80% upate kitu, ukifika 90% upate zaidi, si yote au hakuna, hii peke yake inaondoa ule wazimu wa tarehe 25. Pili, mzigo uliopita tarehe au uliokuja na tarehe fupi nani anaubeba, na iandikwe mzigo wenye chini ya nusu ya muda wake uliobaki una haki ya kuukataa siku ya kupokea. Tatu, mkiachana wanaununua tena mzigo uliobaki kwa bei uliyolipa, na ndani ya siku ngapi. Hilo la tatu ndilo wanalolikataa sana na ndilo ulikazanie. Uliza na bonasi inalipwaje, maana wengi hawakupi pesa, wanakukatia kwenye ankara za mbele baada ya mwezi miwili, ukitaka kuacha kumbe laki zako ziko kwao.

Wakisema mkataba wetu ni mmoja kwa wote haubadiliki, omba uwakala wa kawaida, yaani mzigo ubaki mali yao ghalani kwako, gharama za kuuvusha na kuuzungusha ziwe juu yao, wewe uuze upate kamisheni, usiouza wanauchukua. Kamisheni itashuka pengine ikawa 3%, lakini ile milioni 40 ya mtaji inakuwa yao si yako. Kwa mtu mwenye duka lake linalokwenda, mie ningechukua hiyo 3%.

Na kwa nyinyi wengine mnaoniandikia mmeona kwenye magrupu ya wasap "fursa ya uwakala, fomu elfu 50, dhamana laki 3, nafasi zimebaki chache", wallahi nimechoka. Kampuni inayotaka kuuza inaitafuta pesa yako kwenye mzigo, si kwenye fomu. Anayepata pesa kwa kukusajili na kukupa kamisheni kwa kuleta wenzako hana habari na biskuti. Na hao wa semina za "kuwa msambazaji kwa mtaji wa laki 5", muulizeni aonyeshe ghala lake na ankara zake za mwezi uliopita, hana, biashara yake ni kiingilio chenu. Kampuni ya kweli ina usajili unaouliza BPRA hapo Unguja, au BRELA kama ni ya Dar, wakakwambia ipo au haipo, na ina akaunti ya benki kwa jina lake yenyewe. Ukiambiwa tuma kwenye namba ya simu ya ofisa kwa sababu akaunti ina matatizo kidogo, kata simu.