Baba Neema na uchovu usioisha kwa kulala

"Mume wangu anasema amechoka tu. Wikendi nzima kalala, Jumatatu kaamka vilevile. Huu ni uchovu gani?" (Mama, Pasua, Moshi)

Mama, nikujibu kwa kisa cha fundi seremala mmoja. Kisa nimekitunga, ila hakuna kitu ndani yake ambacho sijakisikia kliniki katika miaka yangu ya uuguzi wa afya ya akili. Tumwite Baba Neema. Ana karakana ndogo Majengo, anatengeneza vitanda na milango.

Desemba, watu walipokuwa wanapanda milimani kula Krismasi nyumbani, yeye alibaki mjini. Aliwaambia ndugu kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba kulikuwa na kitanda kimoja tu cha mninga, kimeshalipiwa nusu, na mbao zake zilikaa karakana wiki 3. Alikuwa anashika randa, anasukuma mara mbili, kisha anasimama akiangalia maranda yaliyodondoka miguuni. Usiku alilala saa 4 na kuamka saa 9, na usingizi haukurudi tena. Asubuhi ndiyo ilikuwa nzito kuliko jioni. Mkewe alikuja kuniambia, "Anakula chochote nikimwekea. Hata nikisahau chumvi kwenye mtori hasemi."

Hilo la chumvi ndilo lililonishtua. Mtu aliyechoshwa na kazi akilala anaamka na nafuu, na hata akiwa hoi bado Simba na Yanga wakicheza atatafuta redio. Mwenye sonona amepoteza hamu yenyewe. Sisi tunaanza kuishuku sonona pale huzuni au kukosa hamu kunapomkaa mtu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na pamoja nayo usingizi, chakula, nguvu na umakini vikawa vimevurugika, au mtu akawa anajilaumu kupita kiasi. Kwa wanaume wetu mara nyingi inajificha: utaona hasira za ghafla, pombe imeongezeka, mgongo unauma kila siku. Kwa hiyo usimuulize kama amechoka, maana hapo umeshampa jibu. Muulize ni kitu gani alichokuwa anakipenda ambacho sasa hakimgusi.

"Nimeshajijua kwamba si uchovu. Naanzaje kumwambia rafiki yangu bila kuonekana mwanaume legelege?" (Fundi, Ngaramtoni)

Baba Neema alijaribu mara mbili akashindwa, na kushindwa kwake kunafundisha. Mara ya kwanza walikuwa kilabuni na rafiki yake Baba Joshua, dereva wa Hiace za Marangu, kata ya mbege iko mkononi. Akasema, "Siku hizi siko sawa." Wenzake wakacheka, mmoja akamwagizia nyingine. Mara ya pili alipiga simu, Baba Joshua akiwa anapakia abiria stendi. Akasema amechoka sana. Akajibiwa, "Pole, bwana. Pumzika, kunywa supu." Ukisema umechoka, mtu atakupa dawa ya uchovu. Baba Joshua hakukosea, alijibu alichoambiwa.

Mara ya tatu ilikuwa Machi, jioni, mvua imekatika na Kibo kumejitokeza kweupe juu ya mabati. Baba Joshua alikuja karakana kuchukua stuli. Baba Neema alikuwa anaipiga msasa, na bila kuinua macho akasema:

"Baba Joshua, ule niliokuambia uchovu, si uchovu."

"Ni nini, basi?"

"Sijui jina lake. Jumatano Neema kaniletea ripoti, kawa wa kwanza darasani. Nimeisoma yote. Sikusikia kitu. Yaani mtoto kasimama mbele yangu anangoja nifurahi, na mimi natafuta furaha sioni."

Baba Joshua akaketi juu ya rundo la mbao. Akataka kusema ni maisha tu, magumu kwa kila mtu. Nilipomsikiliza baadaye alikiri kwamba maneno yalishafika mdomoni. Akayameza, akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Miezi mitatu yote? Na mimi nakuambia unywe supu."

Kaka yangu wa Ngaramtoni, tazama alivyofanya safari hii. Hakusema "siko sawa", neno ambalo kila mtu analivaa anavyotaka. Alitaja siku moja, jambo moja na lilivyomkuta, halafu akaweka tarehe. Tukio kama hilo halichekeki. Alisema pia akiwa hajanywa, wakiwa wawili tu, na mikono yake ina kazi. Wanaume wengi ninaowahudumia husema kwa urahisi zaidi wakiwa wanatazama kitu kingine kuliko wakitazamana usoni. Kama unaona ulimi utakugomea, andika sentensi mbili kwenye simu na umtumie kabla hajafika: "Nina jambo nataka kukuambia. Nataka unisikilize tu kwanza, usinishauri." Huo si ulegevu. Baba Neema anasema kuinua mbao za mninga peke yake kulikuwa kwepesi kuliko ile sentensi yake ya kwanza.

"Rafiki yangu ameniambia kila kitu. Naogopa kumuuliza kuhusu kujiua nisije nikampa wazo." (Msomaji, Arusha)

Muulize. Kumuuliza hakumpi wazo. Kama wazo halipo, atakuambia halipo. Kama lipo, amekuwa nalo peke yake, na swali lako ndilo linalompa nafasi ya kulitua. Kinachofunga mdomo wa mtu ni kuulizwa kwa namna inayomlazimisha akatae: "Wewe huwezi kufikiria upuuzi ule, sivyo?"

Baba Joshua aliuliza akiwa amekaa palepale kwenye mbao. "Kuna siku umetamani usiamke?" Baba Neema akanyamaza, msasa ukasimama. "Zipo." Rafiki akaendelea, sauti ileile: "Umeshafikiria utafanya nini?" Akajibu hapana, ni kutamani tu usiku uishe na asubuhi isije.

Kati ya kutamani tu usiamke na kupanga namna ya kujiua kuna tofauti ambayo ni lazima uijue. Anayetamani asiamke anahitaji kuonwa ndani ya siku chache, na usimwache bila mtu wa kumjulia hali. Lakini aliyeshapanga namna, au ameshatafuta kitu cha kutumia, au anaaga watu na kugawa vitu vyake, huyo asibaki peke yake hata dakika moja: mnakwenda hospitali usiku huohuo, idara ya dharura, na wewe upo pembeni yake. Nyumbani, ondoeni dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya. Huku kwetu kila stoo inazo. Zifungiwe kwa jirani, na funguo akae nazo mtu mwingine. Wazo kali mara nyingi huja kwa wimbi na kupita, na mtu akikosa cha kushika wimbi linapomkuta, anabaki hai.

"Nikienda hospitali watanipeleka Mirembe?" (Dereva, Moshi)

Hapana. Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, iko Dodoma, na wenye sonona walio wengi hutibiwa wakitokea nyumbani. Ukifika Mawenzi au KCMC, au Mount Meru kwa walio Arusha, sema mapokezi kwamba unataka huduma ya afya ya akili.

Baba Neema alisindikizwa na rafiki yake, ambaye alikosa tripu mbili za asubuhi. Aliulizwa maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama kati ya 0 na 3, jumla 27. Kuanzia 10 tunaangalia kwa makini. Yeye alipata 16. Alama hizo hazitoshi kusema mtu anaumwa nini, kwa hiyo akachukuliwa damu, kwa sababu upungufu wa damu, kisukari na tezi ya shingoni kushindwa kazi vinaweza kumlegeza mtu vilevile. Akaulizwa pia anakunywa kiasi gani. Hapo sema ukweli, maana pombe inazidisha sonona na inaharibu usingizi wa alfajiri, na tukidanganywa tutakutibu nusu.

"Nina siku 10 nameza dawa na sioni kitu, tena kichefuchefu kimeanza. Niache?" (Msomaji, Kiboriloni)

Usiache mwenyewe. Dawa hizi za sonona hazifanyi kazi kama panadoli. Maudhi yake hutangulia na nafuu huja nyuma, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4, na faida kamili inaweza kungoja zaidi ya hapo. Ndiyo maana wengi huacha katika siku kama hizi zako, wakiwa wamepata ubaya wote wa dawa na hawajaonja uzuri wake. Kama unatumia fluoksetini, kichefuchefu na kuumwa kichwa hupungua siku zinavyokwenda. Imeze asubuhi baada ya kula, kwa sababu ikimezwa usiku inaweza kukukosesha usingizi. Amitriptilini yenyewe hulaza, hukausha mdomo na huleta kizunguzungu ukiinuka ghafla, kwa hiyo humezwa usiku, na akiba yake isikae karibu na mgonjwa, kwani ikizidi ni hatari kwa moyo. Ukipata mawazo ya kujiua yaliyozidi yale ya mwanzo, au ukiwa huwezi kutulia kabisa, rudi leo, usingoje tarehe ya kliniki. Na nafuu ikija bado utaendelea kumeza miezi 9 hivi au zaidi, kisha daktari akupunguzie taratibu.

Baba Neema naye wiki ya pili aliweka vidonge juu ya kabati akasema basi. Baba Joshua akawa anapita kila asubuhi kabla ya kwenda stendi, anakunywa chai, anaangalia kidonge kinamezwa. Hakuhubiri. Jioni alimpa kazi moja ndogo tu: leo piga randa ubao mmoja, ukimaliza funga mlango. Kesho yake mmoja tena. Tunawafundisha wagonjwa hivyohivyo kliniki, kwamba mtu asingoje hamu ndipo aanze kazi. Aanze kidogo, hamu itamkuta njiani. Baba Joshua alilifanya bila kufundishwa.

Baba Neema mwenyewe hakuona mabadiliko. Usingizi ulirudi kwanza, ukafika hadi saa 11 alfajiri. Wiki ya tano alikaa mezani, akaonja kijiko kimoja, akamtazama mkewe. "Mama Neema, mtori huu hauna chumvi." Mama Neema akaingia jikoni kuchukua chumvi, akakaa huko muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji.