Mashine ya kusaga na volti za alasiri

"Mashine ya kusaga ya baba kijijini hupungua kasi kila alasiri, na fundi anataka tununue mota mpya. Tukubali?"

Msikubali bado, ndugu yangu. Mjomba wangu alipatwa na hayo hayo, nikatoka Nairobi na kipima volti: asubuhi kilisoma 238, saa tisa alasiri 200. Kwa kuwa nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata mraba wa volti, alikuwa amebakiwa na asilimia 70 hivi, na mota ilikuwa moto usioshikika. Mashine ikisaga, pimeni kwenye mota, kisha kwenye mita ya umeme: volti zikiwa chini kote, kasoro iko kwenye laini, zikishuka kwenye mota pekee, waya wenu ni mwembamba. Kwa sasa alasiri mwageni mahindi kidogo kidogo, wala fundi asipandishe kipimo cha swichi ya kinga, maana hivyo ndivyo mota huungua.