Mzigo umekwama mpakani: barua pepe kwa mteja

"Wakuu, nipitishieni macho: 'Mzigo wako umechelewa mpakani kwa sababu ya forodha, utafika hivi karibuni.' Nirekebishe wapi?"

Sarufi haina shida, mkuu. Toa "hivi karibuni", maana mteja hawezi kupanga watu wa kushusha mzigo kwa neno hilo. "Kwa sababu ya forodha" nayo haimwambii afanye nini. Andika:

"Lori lilifika mpakani Jumanne saa 4 asubuhi. Forodha wamelizuia kwa sababu ankara inaonyesha kilo 8,400 na orodha ya upakiaji kilo 8,040. Tunaomba ankara iliyosahihishwa leo kabla ya saa 9 alasiri. Likiruhusiwa, litawafikia siku 2 baadaye."

Hizo siku 2 zihesabiwe tangu ruhusa itoke, usiahidi tarehe kamili. Ukiandikia kampuni, "wako" iwe "wenu".