Mkojo kabla ya dripu: kwa mnaoanza wodi ya watoto

Wanangu, nimeliona tena faili lile lile. Mtoto kaingia usiku na degedege, mtu mwerevu kashuku sumu ya madini ya risasi, dawa imeandikwa vizuri, saa ya kuanza dripu ipo. Safu ya mkojo tupu. Nimefurahi mmeifikiria risasi, maana wengi wanaishia kwenye malaria na uti wa mgongo. Lakini safu ile tupu imenikera, na leo tutaisema mpaka iingie.

Tumchukue mtoto wa mfano. Miaka 3, kilo 14, anatoka kijiji cha wavuvi Pemba. Nyumbani baba anayeyusha betri kuukuu za gari na kumimina chubwi za nyavu, jikoni kwenye meko yale yale. Mtoto katapika siku mbili, kalegea, kisha degedege. Kipimo cha malaria hakina kitu. Damu imepungua, na picha ya tumbo inaonesha chembe nyeupe ndani ya utumbo. Risasi ya damu ikirudi ni mikrogramu 82 kwa desilita. Dawa za kunasa metali huanza kufikiriwa kwa mtoto akifika 45; huyu kavuka 70 na ubongo umeshaguswa. Mwenye dalili kama hizi asisubirishwe jibu la maabara.

1. Mkojo kwanza.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mshipa. CaNa₂EDTA, dawa yetu ya dripu ya kunasa risasi, inaingia ikiwa imemkumbata kalsiamu. Molekuli yake ina sehemu sita za kushikia, nne za oksijeni na mbili za nitrojeni, na zote zinamzunguka metali mmoja kama pweza na jiwe lake. Inaposhika risasi inashika kwa nguvu kubwa kuliko inavyomshika kalsiamu, kwa hiyo inamwacha yule na kumchukua huyu. Kifurushi kinachotokea kinayeyuka kwenye maji, kina chaji, na hakipenyi kuta za seli. Kinafika kwenye chujio la figo, kinapita, na mirija haiwezi kukirudisha kwenye damu. Kinatoka na mkojo.

Sasa fikirini: ini halikivunji kifurushi hicho, na hakina njia nyingine ya maana ya kutokea. Figo zikifanya kazi, nusu ya dawa inatoka ndani ya saa moja hivi na karibu yote ndani ya siku. Figo zikisimama, inabaki humo ikizunguka, na mirija ile ya mwanzo ya figo ndiyo inayoumia kwanza. Yaani mnaharibu mlango wenyewe mliotaka risasi ipitie.

Na mtoto wetu katapika siku mbili. Mdomo mkavu, nepi kavu tangu asubuhi. Huyu anahitaji maji ya mshipani, mililita 10 mpaka 20 kwa kilo, halafu mnangoja. Mkojo ukianza kutoka mililita 1 kwa kilo kwa saa, yaani 14 kwa huyu, hapo EDTA ina pa kupita. Ila msimjaze maji kwa pupa, kwa sababu ubongo wake umevimba na maji ya ziada yanauvimbisha zaidi. Mnatafuta mkojo wa kutosha tu. Ndiyo maana nataka katheta, nataka saa, nataka tarakimu. “Amekojoa vizuri” si kipimo. Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake alinionesha kikombe alichokuwa akipimia mwenyewe, kakiweka alama kwa kalamu, kwa kuwa alisikia tukiulizana kila raundi wala hakuna mwenye jibu. Alikuwa sahihi kuliko chati yetu.

Kila siku ya dawa angalieni kreatinini na mkojo. Protini ikiongezeka, damu ikionekana, au kreatinini ikipanda, simamisheni EDTA na mpigieni mkubwa wenu hata kama ni saa nane za usiku.

2. Someni kichupa mpaka herufi ya mwisho.

CaNa₂EDTA na Na₂EDTA ni dawa mbili. Hiyo ya pili haina kalsiamu ndani, kwa hiyo inakwenda kuitafuta kwenye damu ya mtoto. Marekani mwaka 2005 mtoto mdogo aliyekuwa akitibiwa risasi alipewa Na₂EDTA; kalsiamu ya damu ikaporomoka na moyo ukasimama. Kama hamuoni Ca mwanzoni mwa jina, dawa irudi famasi. Na mnapoandika kwenye faili, msifupishe kwa kuandika “EDTA” peke yake.

3. Dimakaprol inatangulia kwa saa nne.

Karibu risasi yote ya damu, asilimia 99, imo ndani ya chembe nyekundu, na EDTA haiingii kwenye seli. Inazoa iliyo nje. Ikianza peke yake kwa mtoto mwenye risasi nyingi, inaweza kuichochea risasi iliyotulia kwengine na sehemu yake ikaishia kwenye ubongo. Dimakaprol, dawa nyingine ya kunasa risasi, ina salfa mbili zinazoipenda, nayo inapenya seli. Waingereza waliitengeneza Oxford wakati wa Vita vya Pili dhidi ya gesi yenye aseniki, ndiyo maana hata aseniki inainasa. Mtoto wetu ana eneo la mwili kama mita mraba 0.6. Kwa miligramu 75 kwa mita mraba, anapata 45 kila saa nne, sindano ya ndani kabisa ya msuli. Anapochomwa ile ya pili ndipo CaNa₂EDTA inaanza: 1,500 kwa mita mraba kwa siku, kwake miligramu 900 zikitiririka saa 24, kwenye maji yasiyopungua mililita 180. Siku tano, basi.

Dimakaprol imo ndani ya mafuta ya njugu, kwa hiyo ulizeni mzio. Msimpe na dawa ya madini ya chuma, hata kama upungufu wa damu unawatia hamu. Vikikutana vinakuwa sumu. Na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, upo sana kwenye visiwa vyetu: mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito, chembe nyekundu zinavunjika.

4. Namba ikishuka, msishangilie.

Siku ya tano damu inaweza kuonesha 30 na mama akaulizia ruhusa. Zaidi ya theluthi mbili ya risasi ya mtoto imo kwenye mifupa, nayo inavuja tena kwenye damu wiki moja au mbili baadaye. Pumzisheni siku mbili au zaidi, pimeni tena. Ikirudi juu na mtoto anameza vizuri, kuna saksima, dawa ya kunasa risasi inayopitia mdomoni: kwa uzito wake kidonge cha miligramu 100 kila saa nane siku tano, kisha kila saa 12 siku 14. Kinafunguliwa na kutiwa kwenye chakula. Kinanuka yai viza, mwambieni mama mapema asidhani kimeharibika.

Kabla hajaondoka, baba aitwe na aulizwe kwa heshima, maana chubwi ndizo riziki yake. Kuyeyusha kuhamie mbali na nyumba, nguo za kazi zisiingie ndani, jikoni pafutwe kwa maji na wala pasifagiliwe pakavu. Ndugu zake wote wa nyumba ile wapimwe, na mama pia ikiwa ana mimba au ananyonyesha.