Uliza mmebaki wangapi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

"Nimeambiwa nimo kwenye orodha fupi ya kampuni moja Kampala. Je, ni vibaya kumuuliza wakala tumebaki wangapi na uamuzi utatoka lini? Kazini nataka kuaga wiki hii."

Usiage! Barua hiyo iache kwenye droo. Kuwa kwenye orodha fupi si kupata kazi, na ukishaacha kazi wakala hakulipii kodi ya nyumba. Wale wanaokwambia "usiulize, utaonekana una shida" wanakupoteza. Niliwasikiliza, nikakaa miezi miwili bila mshahara, na wao hata simu hawakupiga.

Uliza leo, maswali yote mawili kwa pamoja: "Katika hatua hii tumebaki wangapi, na uamuzi unatarajiwa tarehe gani?" Akijibu "wachache", mwulize kama ni chini ya watano. Halafu kuna swali ambalo wengi hulisahau: kampuni ina watu wake iliowapata yenyewe? Wakala anawajua aliowapeleka yeye tu. Anaweza kukwambia mko watatu, na ni kweli kwa upande wake, kumbe mezani kwa meneja kuna wengine wanne walioomba moja kwa moja. Hapo hamko watatu, mko saba.

Tarehe nayo ina mitego yake. "Wiki mbili" zinahesabiwa kuanzia leo, au kuanzia siku mtu wa mwisho atakapomaliza usaili? Anayesaini yupo, au amesafiri? Tuseme usaili wa mwisho ni tarehe 30 Mei na umeahidiwa jibu ndani ya wiki moja. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya Mashahidi, tarehe 9 ni ya Mashujaa, na ofisi zinafungwa. Tena kama nafasi inalipwa na bajeti ya serikali, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na nafasi mpya mara nyingi husubiri hapo. Ile wiki moja imeshakuwa mwezi, na wewe ulishaaga.

Sasa piga hesabu kutoka upande wako. Kwa Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006, aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja lakini chini ya mitano hutoa notisi ya mwezi mmoja. Ukipata barua ya ajira iliyosainiwa tarehe 20 Juni, ukaaga siku hiyohiyo, unaanza kazi mpya tarehe 20 Julai. Mwambie wakala hivyo mapema, maana ndiyo sababu halali ya kuuliza tarehe, na hakuna atakayekuona msumbufu.

Kabla hamjaagana mwulize, "Nisiposikia kufikia tarehe hiyo, nikuandikie lini?" Akitaja siku, andika siku hiyo, mistari miwili tu. Akikataa kutaja idadi na tarehe pia, endelea kuomba kwingine, na ile barua ibaki kwenye droo mpaka ushike yao yenye saini.